Hongera Aliyotumiwa Mwalimu Pancras

"Nakuuliza mara ya tatu, Mujibu. Umempongeza kwa lipi?"

"Kwa cheo, dada. Jina lake lilikuwa kwenye barua."

"Barua gani?"

"Ya walimu kupangiwa vituo vipya vya kazi. Ilikuwa na mhuri kabisa."

"Na mtu akipangiwa kituo kipya ndiyo amepanda cheo?"

Mujibu aliangalia mashine za kufumia kana kwamba mojawapo ingemjibia. Wafumaji wawili, Zabibu na Julia, walikuwa wameacha kufuma tangu sauti ya kwanza ilipopanda, na sasa walijifanya kukagua nyuzi. Hakuna aliyekuwa na shida na uzi wowote.

"Soma alichojibu," Faudhia alisema, akimnyooshea simu. "Soma kwa sauti. Na hawa wasikie kazi ya Afisa Uhusiano."

Mujibu akasoma, sauti ikizidi kudidimia kila neno. "'Nashukuru. Nimevuliwa ukuu wa shule na kurudishwa darasani kufundisha jiografia, Tandahimba. Sikujua kwamba mmefurahi kiasi hiki.'"

Zabibu alikohoa kicheko chake kwenye kanga.

Karakana ile ya sweta ipo Masasi mjini, mtaa wa nyuma ya soko, na Faudhia, anayejulikana zaidi kama Mama Nuria, ameiendesha miaka kumi na mmoja. Mujibu ni mdogo wake, kitinda mimba, mwanamume wa miaka thelathini na miwili ambaye alikuja kusaidia kupeleka mizigo kwa wateja baada ya duka lake la makava ya simu kufa. Mizigo aliipeleka miezi miwili. Mwezi wa tatu akahudhuria semina ya siku mbili Mtwara, akarudi na cheti, fulana, cheo alichojipa cha Afisa Uhusiano na elimu mpya: kwamba mfanyabiashara hapaswi kumtafuta mtu kwa sababu ana shida naye. Amtafute kwa sababu mtu huyo amefanikiwa. Mtu akipata cheo, mpongeze. Akizindua duka, mpongeze. Akitimiza miaka kumi kazini, mpongeze. Ukishampongeza mara tatu, siku utakapomwomba kitu hatakuona mwombaji.

Faudhia hakuikataa elimu hiyo. Yeye mwenyewe ndivyo alivyowapata wateja wake wa kwanza. Aliposikia muuguzi wa Ndanda anayemfahamu amemaliza shahada akiwa na watoto watatu, alimpigia simu, wakaongea nusu saa juu ya usiku aliokuwa akisoma huku ananyonyesha, na neno sweta halikutajwa. Miezi minne baadaye muuguzi yule aliagiza sweta ishirini za watoto wa kikundi chao cha wauguzi. Faudhia hakuwa ameweka mtego. Alikuwa amefurahi tu, na mtu aliyefurahiwa hakusahau.

Mujibu alichukua jambo hilo akalifunga injini. Aliandika daftari la watu mia tatu arobaini. Alitengeneza posta moja yenye fremu ya dhahabu, maputo, fataki na kombe, na nafasi katikati ya kubandika picha ya mhusika. Kila asubuhi alipita kwenye magrupu kutafuta nani kapata nini, kisha akawatwanga posta kabla hata hawajanywa chai. Alimpongeza mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho kwa uzinduzi wa ghala ambalo lilikuwa bado halina paa. Alimpongeza mwenye duka la mbao kwa kutimiza miaka ishirini ya ndoa, na mwenye duka akalazimika kumweleza mke wa pili ni ndoa ipi. Chini ya kila posta palikuwa na maandishi yaleyale: *Uongozi na wafanyakazi wote tunakupongeza. Mungu akuinue viwango vya juu zaidi. Sweta bora za shule, agiza mapema.*

"Na hii picha umeitoa wapi?" Faudhia aliuliza sasa. Katikati ya maputo, Mwalimu Pancras alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeng'atwa na siafu.

"Kwenye grupu."

"Ameshika nini?"

Mujibu aliikuza picha. "Koleo."

"Hii ni siku tuliyomzika baba yake, Lupaso. Nilikuwepo. Umemkata kaburini ukamweka kwenye fataki."

Julia alitoka nje. Walimsikia akicheka hadi kwenye bomba la maji.

Hayo yangekuwa ya kucheka tu, kama isingekuwa zile sweta. Zilikuwa zimepangwa ukutani hadi darini, mia mbili na sitini, rangi ya damu ya mzee na mistari ya kijani mikononi: sare ya Sekondari ya Nakachindu, Newala. Huko juu watoto hawaachi sweta, asubuhi ukungu unaingia hadi darasani. Kila Januari, siku ya kuripoti kidato cha kwanza, Faudhia aliruhusiwa kuweka meza kwenye uwanja wa shule na wazazi wakanunua palepale. Ruhusa hiyo ilikuwa ya mkuu wa shule, na miaka tisa mkuu alikuwa Pancras. Hakuna shule nyingine katika wilaya zote za jirani inayovaa damu ya mzee na kijani. Bila uwanja ule, Faudhia angebaki na ukuta wa sufu, na Zabibu na Julia wangekaa nyumbani hadi Pasaka.

"Mkuu mpya ni nani?" aliuliza.

"Mwalimu Ebenezer. Huyo nimempongeza, usiwe na wasiwasi. Nimempongeza mapema sana."

"Leta nione."

Mujibu hakutaka kuleta. Faudhia alichukua simu mwenyewe. Fremu ileile, maputo yaleyale, uso wa Ebenezer umebandikwa vizuri, na chini yake kwa herufi kubwa: *HONGERA SANA MWALIMU PANCRAS.* Jibu lilikuwa la maneno matatu. *Mimi ni Ebenezer.*

Faudhia alivua koti la kazi, akachukua mkoba.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Newala. Na wewe usimpongeze mtu yeyote hadi nirudi. Hata akizaliwa mtoto humu ndani, nyamaza."

Ndani ya gari alipata siti ya dirishani na kabla hawajaanza kupanda uwanda wa juu alimpigia Adija, mpishi wa Nakachindu, ambaye huanza simu zote kwa kulalamika juu ya kuni. Faudhia alimwacha alalamike kwanza. Kisha akauliza, "Huyu mkuu wenu mpya, kabla ya cheo, alifanya nini cha maana?"

"Cha maana? Ana majigambo, mama."

"Majigambo nitayaona mwenyewe. Nakuuliza kazi."

Adija alifikiri. "Kufundisha anafundisha. Fizikia. Jumamosi anakaa na wale watoto kutwa, ana betri ya gari na vitaa vyake. Mwaka jana kumi na mmoja walipata A. Nakumbuka kwa sababu walichinjiwa mbuzi na mimi ndiye nilimpika."

"Kumi na mmoja?"

"Kumi na mmoja. Kichwa na utumbo wakala walimu."

Faudhia alishukuru, akakata simu.

Nje ya ofisi ya mkuu wa shule kulikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa watu wanne wenye hongera. Muuza vitabu alikuwa na kalenda ya ukutani. Fundi wa madawati alikuwa na saa yenye umbo la ramani ya nchi. Wawili wa mwisho, mume na mke wanaopika kwenye sherehe, walikuja na keki iliyoandikwa *Kiongozi wa Maono*. Walisalimiana kwa adabu kubwa, kila mmoja akipima alicholeta mwenzake. Faudhia alikaa mwisho mikono mitupu na wote wakamwonea huruma.

Zamu yake ilipofika, Mwalimu Ebenezer hakusimama. Alikuwa mtu wa Kyela, wa miaka arobaini hivi, mwenye shati jipya ambalo bado lilionyesha mikunjo ya boksi. Kabla ya barua ya uteuzi alikuwa akimwamkia Faudhia kila wanapokutana. Leo alisubiri kuona nani ataanza.

"Hujambo, Mwalimu," alisema Faudhia, akamaliza suala hilo.

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ule ujumbe wenye jina la Mwalimu Pancras ulitoka kwangu. Mdogo wangu ndiye aliyeutuma, lakini karakana ni yangu, kwa hiyo kosa ni langu. Naomba radhi."

Ebenezer alicheka kidogo, akafungua simu yake akamgeuzia. Alivuta kwa kidole, akavuta, akavuta. Maputo, fataki, fremu, maputo. "Mia moja na sitini na mbili," alisema. "Angalau wa kwenu ulikuwa na kitu cha tofauti." Macho yake hayakucheka. "Na wewe umekuja na nini, Mama Nuria?"

"Sikuleta kitu. Nimesikia kuhusu wale watoto kumi na mmoja wa fizikia."

Kidole kilisimama.

"Na Jumamosi zako," Faudhia aliendelea. "Na betri ya gari. Mwanangu Nuria aliikimbia fizikia kidato cha pili kwa sababu mwalimu wake aliandika ubaoni akaenda kunywa chai. Ningempata mtu wa Jumamosi nadhani angekuwa mahali pengine leo. Hongera, Mwalimu. Kumi na mmoja si mchezo."

Ebenezer aliweka simu chini. Saa mpya ya ramani ilisikika ikigonga. "Kumi na wawili," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa. "Mmoja aliumwa siku ya mtihani wa vitendo. Mwanaisha. Yule ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote." Kisha akamweleza juu ya Mwanaisha, na juu ya betri, ambayo aliitoa kwenye gari lake mwenyewe, na jinsi mke wake alivyotembea kwa miguu mwezi mzima. Dakika kumi alikuwa mwalimu. Kati ya wale mia moja sitini na mbili, hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote kati ya hayo.

Halafu akakumbuka kiti alichokalia.

"Uwanja utapata," alisema, akinyoosha kola. "Januari weka meza yako kama kawaida. Ila nina ombi dogo. Kuna grupu letu, Wazazi na Wadau wa Nakachindu. Hayo uliyoniambia yaandike pale. Umeyasema vizuri sana, kwa uchungu."

"Nitaandika."

"Na uongeze kidogo. Kwamba zamani kulikuwa na uzembe. Ule mwaka sweta zilichelewa wiki tatu, watoto wakatetemeka, wazazi wakapiga kelele, unakumbuka? Andika kwamba ilikuwa ni utawala uliopita, hawakufuatilia, na sasa chini ya uongozi mpya mnaona mwanga. Wewe ndiye mleta sweta. Ukisema wewe, watu wataamini."

"Na nisipoongeza?"

Ebenezer alitabasamu kama mtu anayekabidhiwa keki. "Kuna mtu wa Mtwara naye anafuma. Amenipongeza mara mbili."

Faudhia aliaga. Kwenye benchi walikuwa wameongezeka watatu.

Nyumba ya mkuu wa shule iko nyuma ya bweni la wasichana, hatua mia mbili. Mlango ulikuwa wazi na barazani palikuwa na godoro lililokunjwa, masanduku mawili na jiko la mkaa lililofungwa kwenye gunia. Mwalimu Pancras alikuwa akifunga vitabu kwa kamba. Miaka hamsini na saba, na leo alionekana ameitimiza yote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Nuria. Karibu. Umekuja na maputo?"

"Nimekuja kujitukana mwenyewe kabla hujanitukana."

"Paskalia!" aliita ndani. "Njoo uone, wale waliofurahi wamefika."

Mkewe alitoka na kigoda, akampa Faudhia, akarudi ndani. Faudhia alikaa, akaomba radhi kwa maneno yaleyale aliyotumia ofisini, akaongeza habari ya koleo na ya kaburi kwa sababu hakuona faida ya kuficha. Alitarajia ukali. Pancras alikaza fundo la kamba, akalivuta, kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Niliijua," alisema, akifuta macho. "Nilipoona koleo nikajua. Nikamwonyesha Paskalia, nikamwambia, tazama, mzee wangu naye amepongezwa." Akacheka hadi akaketi juu ya sanduku. Cheko lilipokwisha alikaa hapohapo. "Unajua ni ujumbe mwingine upi nilioupata tangu barua itoke?"

"Upi?"

"Hakuna. Huo wa ndugu yako tu."

Faudhia alisogeza kigoda karibu.

"Simu hii," Pancras aliiinua kutoka kwenye mfuko wa shati, "miaka tisa haikulala. Kila Krismasi, kila Idi, kila mahafali. Yule fundi wa madawati alinitumia hongera mjukuu wangu alipoota jino. Juzi nilikutana naye njiani, amebeba saa. Akainama kufunga kamba za viatu hadi nikapita. Alikuwa amevaa kandambili."

Ndani Paskalia aliangusha sufuria, au aliitupa.

"Nimetoka ofisini," Faudhia alisema. Akamweleza alichoombwa aandike. Hakupunguza wala hakutia chumvi.

Pancras alisikiliza akiangalia bweni. Lilikuwa la matofali ya kuchoma, la wasichana themanini, na kila mtu Newala alijua kwamba alilipigania miaka minne, ofisi kwa ofisi, hadi walinzi wa milango wakamjua kwa jina. Kabla ya bweni lile wasichana walipanga vyumba mtaani, na kila mwaka saba au wanane waliacha shule wakiwa wajawazito. Mwaka jana hakuacha hata mmoja. Kwa hilo hakuna aliyekuwa ametengeneza posta. Matokeo ya kidato cha nne yalishuka, na barua ikaja.

"Andika," alisema. "Mimi nimeshaondoka. Lori la mizigo linakuja saa tisa. Una wafanyakazi, Mama Nuria. Mimi neno moja kwenye grupu halitanipunguzia mshahara."

"Ule mwaka sweta zilichelewa kwa sababu mashine zangu mbili ziliharibika na niliona aibu kukwambia."

"Najua."

"Ukasimama mbele ya wazazi ukasema ni wewe uliyechelewa kuidhinisha rangi."

"Wangekufukuza. Na sweta zako zilikuwa nzuri." Alirudi kwenye vitabu vyake. "Nenda, utakosa gari."

Gari la Masasi lilikuwa bado linapakia. Faudhia alisimama kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi, akatoa simu, na Mujibu akapiga kabla hajafungua grupu.

"Dada, vipi? Uwanja tumepata?"

"Tumepata, kwa sharti." Akamweleza.

"Ni hilo tu?" Mujibu alipumua kama mtu aliyetua mzigo. "Nikuandikie mimi? Sekunde mbili. Mwanga, uongozi, maono, nina maneno yote tayari. Pancras anaondoka, dada, hatuhitaji tena. Hata kwenye daftari nimeshamfuta."

"Umemfuta?"

"Hana cheo sasa. Atapongezwa kwa lipi?"

Faudhia alihamishia simu sikio la pili. Hivyohivyo ndivyo alivyowaza yule fundi wa kandambili, na wale wa keki. Na Mujibu alikuwa analipwa na nani, kama si yeye? Sweta mia mbili na sitini. Alizihesabu moja moja alipozifunga, alijua uzito wake. Alimjua pia mtu aliyejitwika kosa lake mbele ya wazazi mia mbili.

"Kaa hewani," alisema. "Usikate."

Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kama anavyoandika risiti.

*Mimi ni Mama Nuria wa sweta, Masasi. Hongera Mwalimu Ebenezer kwa cheo, na zaidi kwa watoto kumi na mmoja waliopata A ya fizikia mwaka jana, na Jumamosi zako, na betri uliyoitoa kwenye gari lako. Na Mwanaisha, ambaye angekuwa wa kumi na mbili, asikate tamaa. Hongera Mwalimu Pancras kwa miaka tisa. Bweni lile umelipigania miaka minne, na mwaka jana hakuna msichana hata mmoja aliyeacha shule. Jambo la mwisho. Ule mwaka sweta zilipochelewa, mkuu hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, mashine ziliharibika nikanyamaza, naye akanibebea. Wazazi, naomba radhi. Mwalimu anaondoka leo saa tisa, lori litapakia nyumbani kwake.*

Aliusoma ujumbe kwa sauti ili Mujibu asikie.

"Dada." Sauti ya Mujibu ilikuwa nyembamba. "Dada, usitume. Umejitangaza mwenyewe mchelewaji. Na sweta hukutaja! Grupu la watu mia mbili na kumi na nne na hata nambari ya simu hukuweka!"

"Sijaweka."

"Yule wa Mtwara atachukua uwanja!"

"Huenda. Au huenda mwalimu wa fizikia atasoma mistari yake mara tatu na hii mingine ataimeza. Mimi sijui, na wewe hujui."

"Subiri basi hadi kesho, tufikirie."

"Kesho mtu atakuwa Tandahimba," Faudhia alisema, akabonyeza kutuma.